Wastani wa siku 7, 10, 28 au 30: upi unaonyesha mwelekeo halisi wa utazamaji?

Jumapili video za chaneli moja zilitazamwa mara 725. Kesho yake, Jumatatu, zikatazamwa mara 430. Ukiangalia siku hizo mbili tu utasema chaneli imeanguka kwa asilimia 41 usiku kucha. Lakini Jumatatu ya wiki iliyotangulia ilikuwa na 400, kwa hiyo Jumatatu hii, ikipimwa na mwenzake, imepanda. Kilichoshuka ni wikendi, nayo hushuka kila Jumatatu.

Dawa inayojulikana ni wastani unaosogea: badala ya kuchora namba ya kila siku, unachora wastani wa siku kadhaa zilizopita, na kesho unasogea siku moja mbele. Swali linalowasumbua wengi ni siku ngapi, na za upande gani. Majibu hayalingani hata kidogo. Baadhi ya wastani huondoa mtikisiko, mwingine huuficha nusu, na mwingine hutengeneza mtikisiko mpya ambao haukuwapo.

Ili kulinganisha kwa haki, tutumie namba zilezile kwa kila njia. Hizi ni za mfano, zimetungwa kwa ajili ya hesabu, ila umbo lake ni la kawaida: siku za kazi ziko chini, wikendi iko juu, ukuaji ni wa polepole, na katika wiki ya nne kuna video moja iliyosambaa ghafla.

| Wiki | Jtatu | Jnne | Jtano | Alh | Ij | Jmosi | Jpili | Wastani |
|---|---|---|---|---|---|---|---|---|
| 1 | 410 | 395 | 420 | 430 | 505 | 720 | 690 | 510 |
| 2 | 400 | 415 | 425 | 445 | 520 | 745 | 725 | 525 |
| 3 | 430 | 420 | 445 | 460 | 540 | 770 | 750 | 545 |
| 4 | 440 | 3240 | 1180 | 640 | 570 | 790 | 770 | 1090 |
| 5 | 455 | 455 | 475 | 490 | 575 | 815 | 795 | 580 |

Safu ya mwisho inasema ukweli wote: chaneli inakua kwa mara 15 hadi 20 kwa siku kila wiki, ukiacha wiki ya nne. Njia nzuri ni ile itakayokuonyesha hilo siku yoyote ya wiki, bila kusubiri Jumapili.

## Siku 7 dhidi ya siku 10

Watu huchagua 10 kwa sababu ni namba ya mviringo. Ni kosa, na sababu yake inahesabika kwa vidole. Dirisha la siku 7, lianzie siku yoyote, lina Jumamosi moja na Jumapili moja. Dirisha la siku 10 linaloishia Ijumaa lina siku mbili za wikendi. Likiishia Jumapili lina nne. Wastani unapanda kwa sababu tu wikendi ya pili imeingia.

Tazama wiki ya pili. Wastani wa siku 10 unaoishia Ijumaa ni 497, na siku mbili baadaye, Jumapili, umefika 559. Hilo ni ongezeko la zaidi ya asilimia 12. Kufikia Alhamisi ya wiki ya tatu umerudi 503. Anayeutazama mstari huo ataona mawimbi ya kila wiki, yaleyale aliyotaka kuyaondoa, sasa yakiwa mapole kidogo na kwa hiyo rahisi zaidi kuaminiwa. Wastani wa siku 7 katika Ijumaa na Jumapili hizohizo ni 516 na 525. Mwendo mdogo, wa upande mmoja, unaofanana na ukuaji wenyewe.

Siku 3, 5, 10 na 15 zote hazifai kwa namba zenye mzunguko wa wiki, isipokuwa unataka kuuona mzunguko wenyewe. Dirisha liwe 7, 14, 21 au 28. Jambo dogo la kuangalia: ukichora grafu katika Excel na kuongeza `Trendline` ya aina ya `Moving Average`, kisanduku cha `Period` huja kikiwa na 2. Kukiacha hivyo ni kuchora wastani wa jana na leo, ambao hausaidii lolote hapa. Andika 7.

## Siku 7 dhidi ya 28, na kwa nini si 30

Tukishakubaliana kuhusu mafungu ya 7, kinachobaki ni kubadilishana utulivu na kuchelewa. Wastani wa siku zilizopita huchelewa kwa nusu ya dirisha: siku 7 huchelewa siku 3, siku 28 huchelewa takriban wiki mbili. Maana yake ni kwamba utazamaji ukianza kushuka leo kwa mwendo wa sawasawa, mstari wa siku 28 unakuonyesha kiwango cha karibu siku 14 zilizopita. Kwa anayeamua kila wiki apandishe video gani, huo ni uchelewaji mkubwa mno. Kwa anayelinganisha robo mwaka na robo mwaka, si kitu.

Siku 28 pia hufaa chaneli ndogo, zile zenye utazamaji wa makumi kwa siku. Siku moja ikiwa na 14 na nyingine 31 bila sababu yoyote, siku 7 hazitoshi kuutuliza mstari. Kipimo rahisi: chora mstari wa siku 7 kwa miezi miwili. Ukiona unabadili mwelekeo kila siku chache bila tukio lolote la kueleza, ongeza dirisha hadi 14, kisha 28. Ukiona umetulia, usiongeze, maana kila siku unayoongeza unailipia kwa kuchelewa.

Siku 30 inapendwa kwa sababu inafanana na mwezi, na hapo ndipo hitilafu hupenya bila kuonekana. Thelathini ni wiki nne na siku mbili za ziada. Siku hizo mbili zikiwa Jumatatu na Jumanne, dirisha lina siku 8 za wikendi. Zikiwa Jumamosi na Jumapili, lina 10. Chukua wiki ya pili ya jedwali letu na kuirudia bila kubadili chochote. Wastani wa siku 30 utakuwa 517 ukimaliziwa na Jumatatu na Jumanne, na 539 ukimaliziwa na wikendi. Tofauti ni 22, wakati ukuaji halisi wa chaneli kwa wiki ni 15 hadi 20. Mtikisiko wa bandia umeuzidi ukuaji unaotafutwa. Kwa 28 tofauti hiyo ni sifuri.

## Mruko wa siku moja: hapa ndipo wengi hukosea

Kuna kanuni moja ambayo ukiielewa, mengi yaliyobaki yanajieleza. Kila siku dirisha linapokea namba moja mpya na kuitoa moja ya zamani. Kwa hiyo badiliko la wastani wa siku 7 kutoka jana hadi leo ni hili tu:

```
(namba ya leo - namba ya siku 7 zilizopita) / 7
```

Siku nyingine sita hazina mchango wowote katika badiliko hilo. Mstari unaweza kushuka kwa sababu leo ni mbaya, au kwa sababu siku iliyotoka ilikuwa nzuri kupita kiasi. Machoni mambo hayo mawili ni sawa kabisa.

Fuata wiki ya nne. Jumatatu wastani wa siku 7 ni 546. Jumanne video inasambaa, 3,240 zinaingia, wastani unaruka hadi 949. Jumatano unafika 1,054, Alhamisi 1,080. Kisha kitu cha ajabu: Ijumaa 1,084, Jumamosi 1,087, Jumapili 1,090, Jumatatu ya wiki ya tano 1,092. Mstari umelala juu kama meza, tena unapanda kidogo kidogo, ilhali kuanzia Ijumaa utazamaji wa kila siku ulisharudi kiwango chake cha kawaida. Mtu anayetazama mstari peke yake siku ya Jumatatu ataamini chaneli imehamia kwenye elfu moja na kitu kwa siku.

Jumanne ya wiki ya tano wastani unaporomoka kutoka 1,092 hadi 694. Siku hiyo kumetokea nini? Hakuna. Utazamaji ulikuwa 455, sawasawa na jana yake na juu ya Jumanne ya wiki ya tatu. Kilichotokea ni kwamba zile 3,240 zimetoka dirishani. Jumatano zinatoka 1,180 na wastani unakuwa 594. Ijumaa umetulia kwenye 573.

Dalili ya jambo hili ni meza yenye kingo mbili kali, na urefu wake ni ule wa dirisha lenyewe: siku 7 kwa wastani wa siku 7, siku 28 kwa wa siku 28. Ukiona ukingo wa kushuka, hesabu nyuma siku 7 kabla ya kutafuta kosa la leo. Ukikuta mruko hapo, umepata jibu.

Dirisha refu haliponyi. Video ile iliongeza takriban mara 3,690 juu ya kawaida ya wiki. Katika dirisha la siku 7 meza inakuwa na kimo cha mara 527 kwa siku saba. Katika dirisha la siku 28 kimo ni 132, lakini meza inakaa wiki nne. Umeisambaza tu. Na meza fupi ya wiki nne ni hatari zaidi, kwa kuwa inafanana na ukuaji wa kweli kuliko mnara wa wiki moja.

Kinachosaidia ni kuchora mistari miwili. Wa kwanza unabaki na namba zote kama zilivyo, maana zile 3,240 zilitazamwa kweli na hakuna sababu ya kuzifuta. Wa pili unachukua siku za mruko na kuziweka badala yake wastani wa siku kama hiyo, wiki moja kabla na wiki moja baada. Jumanne inakuwa kati ya 420 na 455, yaani 438. Jumatano inakuwa 460, Alhamisi 475. Wastani wa wiki ya nne unashuka kutoka 1,090 hadi 563, na sasa wiki tano zinasomeka 510, 525, 545, 563, 580. Ukuaji uleule uliokuwa umefunikwa. Kasoro ya njia hii ni wazi: lazima usubiri wiki moja mbele, kwa hiyo haikusaidii siku ya mruko wenyewe. Na siku ulizozibadilisha ziandikwe kwenye safu ya pembeni, la sivyo miezi mitatu baadaye hakuna atakayejua kwa nini mistari haifanani.

## Dirisha la nyuma dhidi ya dirisha la katikati

Dirisha la nyuma huchukua leo na siku sita zilizopita. Dirisha la katikati huchukua leo, siku tatu kabla na siku tatu baada. Hesabu ni ileile, ila matokeo yanaandikwa mbele ya tarehe nyingine.

Faida ya la katikati ni kwamba halichelewi. Mwelekeo ukigeuka taratibu, kilele cha mstari kinakaa karibu na tarehe yake halisi, wakati dirisha la nyuma linakisogeza siku tatu mbele. Ukiwa unachunguza yaliyopita, kwa mfano kama kubadili saa ya kupandisha video kuliambatana na kupanda kwa utazamaji, tumia la katikati.

Lakini lina mitego miwili. Siku tatu za mwisho hazina thamani, kwa kuwa siku zijazo hazijafika. Baadhi ya programu huzijaza kwa wastani wa siku chache zilizopo, na hapo mzunguko wa wiki unarudi kwenye ncha ya mstari, mahali hasa ambapo macho yote yanatazama. Ziache tupu. Mtego wa pili unahusu mruko: meza yetu ikichorwa kwa dirisha la katikati inaanza Jumamosi ya wiki ya tatu, siku tatu kabla ya video kusambaa. Anayetafuta chanzo ataanza kuchunguza Jumamosi ambayo haikuwa na lolote. Kwa matukio ya ghafla, tarehe isomwe kwenye namba za kila siku, kamwe si kwenye wastani.

Kwa ubao wa kutazamwa kila asubuhi, la nyuma. Halibadiliki likishaandikwa, na kila anayeliona analielewa.

```
=AVERAGE(B2:B8)
```

Hiyo inaandikwa kwenye mstari wa 8 wa lahajedwali, siku ya saba, kisha inaburutwa chini. Mistari sita ya mwanzo inabaki tupu. Kwa anayetumia Python na `pandas`:

```
d["nyuma"] = d["v"].rolling(7).mean()
d["kati"] = d["v"].rolling(7, center=True).mean()
```

## Vipi kuhusu wastani wa uzito na namba ya katikati?

Wastani wa uzito unaopungua huipa leo sehemu fulani, tuseme robo, na robo tatu zinazobaki unaupa wastani wa jana. Unasifiwa kwa kuwa hauna kingo kali: mruko unaingia kwa kishindo lakini unatoka polepole, siku baada ya siku. Hiyo ni kweli, na kwa namba zisizo na mzunguko ni chaguo zuri. Kwa utazamaji wenye wikendi si zuri, kwa sababu jana na leo zinabeba uzito kuliko siku nyingine. Rudia wiki ya pili bila mwisho, bila ukuaji wala anguko, na mstari wa robo utayumba kati ya karibu 480 kila Alhamisi na karibu 597 kila Jumapili. Wa siku 7 ungekuwa 525 bila kutikisika. Mwenye kuupenda autumie juu ya wastani wa siku 7, si juu ya namba ghafi.

Namba ya katikati, yaani ile inayobaki kati ukizipanga siku saba kutoka ndogo hadi kubwa, inapendekezwa mara nyingi kama kinga dhidi ya mruko. Hapa inahitaji tahadhari zaidi. Katika wiki ya kwanza inatoa 430, ambayo ni Alhamisi tu; siku zote mbili za wikendi hazikuhesabika kwa ukubwa wake. Zikikua wikendi peke yake, namba ya katikati haitatingishika. Na wiki ya nne, ambako ilitarajiwa iokoe jahazi, imeruka kutoka 460 hadi 770. Sababu ni kwamba mruko ulichukua siku mbili kubwa, wikendi ikachukua mbili nyingine, na nne kati ya saba ni nusu na zaidi. Inafanya kazi vizuri mruko ukiwa wa siku moja tu, hasa ule unaotokana na hitilafu ya kuhesabu, kama siku iliyoandikwa mara mbili.

## Namba zenyewe kabla ya wastani

Kuna makosa mawili ambayo hakuna dirisha litakaloyarekebisha, nayo ni ya kawaida kuliko yote hapo juu.

La kwanza ni siku iliyokosekana. `AVERAGE` inaruka kisanduku kitupu lakini inahesabu sifuri. Jumamosi ya wiki ya tatu, yenye 770, ikipotea na kuandikwa 0, wastani wa Jumapili unakuwa 435 badala ya 545. Ikiachwa tupu unakuwa 508: afadhali, lakini bado uko chini, kwa kuwa siku iliyoanguka ni ya wikendi na sita zilizobaki nyingi ni za kazi. Ukiijaza kwa wastani wa Jumamosi ya kabla na ya baada, yaani 745 na 790, unapata 545. Katika `pandas` mambo ni tofauti: siku moja ikiwa tupu, `rolling(7)` inakataa kutoa jibu kwa siku zote saba zinazoihusisha. Hilo linaudhi, lakini angalau unaona pengo.

La pili ni leo. Ukivuta namba Alhamisi saa sita mchana, siku haijaisha. Alhamisi ya wiki ya tatu ilimalizika na 460. Tuseme mchana ilikuwa na 190. Wastani unasoma 496 wakati jana ulikuwa 533, na mtu anaitisha kikao. Siku ilipokamilika ulikuwa 535. Kata siku ya leo kwenye hesabu, na kama mfumo wako husahihisha namba za jana baada ya kuzitoa, kata na jana pia.